Elfu Hamsini na Nane

Fundi wa majokofu alifika dirishani kwa mhasibu wa shule saa mbili na robo asubuhi, siku ya kwanza ya mitihani, akiwa bado na ovaroli ya kazini. Nyuma yake, kwenye benchi la korido, binti yake alikaa na begi mapajani. Jana yake alikuwa amerudishwa nyumbani. Karatasi ya kwanza ilikuwa inaanza saa tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta?"

"Nimeleta risiti."

"Nauliza hela, baba. Risiti ninazo nakala zake humu."

Wazazi walimwita mhasibu huyu Mama Salio, naye alijua na hakujali. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshika leja za shule hiyo, na ilisemekana anaweza kukutajia deni lako kabla hujamtajia jina la mtoto. Alilivuta daftari kubwa la muhula wa pili, akafungua ukurasa wa binti, akaligeuza ili fundi aone.

"Tazama mwenyewe. Salio lililoletwa kutoka muhula wa kwanza, elfu kumi na nane. Ada ya muhula huu, tisini. Jumla mia na nane. Umelipa awamu mbili, arobaini na thelathini na mbili. Sabini na mbili hiyo. Imebaki thelathini na sita. Na agizo ni kwamba anayedaiwa zaidi ya ishirini hakai kwenye mtihani. Si mimi niliyeagiza."

Fundi hakulitazama daftari. Alifungua kisanduku chake cha spana, akatoa risiti tano zilizofungwa kwa mpira, akazipanga juu ya kizingiti cha dirisha moja moja, kama mtu anayepanga karata.

"Arobaini. Thelathini. Thelathini na nane. Hizo za muhula wa kwanza. Arobaini, thelathini na mbili, za muhula huu. Jumlisha wewe, maana mimi ni mtu wa gesi na mabomba."

Alijumlisha kwa macho. Mia na themanini.

"Na ada ya mihula miwili ni ngapi?" fundi aliuliza.

Tisini mara mbili hata mtoto wa chekechea angeijua.

"Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari," fundi alisema taratibu. "Hawakutuambia yenye daftari huishaje."

"Kaa hapo kidogo, baba."

Leja ya muhula wa kwanza ilikuwa kabatini, rafu ya chini. Alipoinama kuitoa magoti yalimlia, na alipoinuka alikuwa ameshaanza kujua. Aliufungua ukurasa. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake mwenyewe, ulisema kumi na nane ndani ya mabano.

Mabano maana yake ni ziada. Mzazi amelipa kupita ada, yeye ndiye anayeidai shule. Mwezi ule fundi alikuwa amepata kazi ya chumba cha baridi, akaamua kutanguliza. Na Mama Salio, alipokuwa akihamishia salio kwenye daftari jipya, aliandika kumi na nane bila mabano. Ziada ikageuka deni. Mtu aliyepaswa kupunguziwa kumi na nane akaongezewa kumi na nane. Ndiyo maana ilikuwa thelathini na sita. Kosa la upande huzaa mara mbili yake, jambo ambalo yeye mwenyewe amewafundisha makarani wawili waliopita hapo.

Ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na tano. Alichukua kitabu cha vibali, akaandika jina la binti, akatoka mbio hadi kwa mwalimu mkuu kupata saini.

Mwalimu mkuu alisaini bila kukaa. "Kumbe amelipa?"

"Hakuwahi kudaiwa. Ni kosa langu, mwalimu. Nililihamisha salio vibaya."

"Basi rekebisha. Hayo hutokea."

Binti aliingia chumba cha mtihani zikiwa zimebaki dakika sita. Baba yake alizirudisha risiti kwenye kisanduku cha spana. Mama Salio alimwomba radhi pale pale koridoni, na fundi akasema, "Mwombe yeye akitoka. Mimi nimepoteza mteja mmoja tu." Kisha akaenda zake.

Hapo ndipo yangekwisha, kama si kitu kimoja ambacho Mama Salio alikijua na mwalimu mkuu hakukijua.

Kila mwisho wa muhula hujumlishwa madeni yote, na jumla hiyo lazima ilingane na jumla ya salio lililoletwa kwenye daftari jipya. Mwishoni mwa muhula wa kwanza hazikulingana. Daftari jipya lilizidi kwa elfu hamsini na nane. Wiki hiyo mama yake mzazi alikuwa wodini, na yeye alikuwa akija kazini na chupa ya uji mkobani, anaondoka saa sita kwenda kumlisha. Hakuitafuta tofauti. Kwenye muhtasari aliandika mstari mmoja, "Tofauti ya uhamisho, 58,000," akaitoa kwenye jumla, hesabu zikakaa sawa, akafunga daftari. Alijiapiza kwamba ataitafuta mama akipata nafuu. Mama alipata nafuu. Yeye hakuitafuta.

Sasa alifunga mlango wa ofisi kwa ndani. Hamsini na nane toa thelathini na sita, ishirini na mbili. Nusu yake kumi na moja. Mahali fulani kwenye leja ya muhula wa kwanza kulikuwa na kumi na moja ndani ya mabano.

Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, wanafunzi mia tatu na kumi. Watu waligonga, hakufungua. Ukurasa wa mia mbili na sita, mtoto wa msusi. Mama yake alikuwa amelipa ada pamoja na elfu kumi na moja za basi, kisha safari za basi zikafutwa. Alifungua daftari jipya. Kumi na moja, bila mabano. Ada tisini. Malipo sabini na tisa, yaani kiasi kilekile alichopaswa kulipa. Deni ishirini na mbili.

Lakini chini ya hapo kulikuwa na mstari mwingine, wa wiki tatu zilizopita. Malipo, ishirini na mbili. Salio, sifuri.

Msusi alikuwa amelipa. Alidaiwa pesa asiyodaiwa, akailipa, akapewa risiti, na risiti ile ilikuwa na saini ya Mama Salio.

Alirudi kwa mwalimu mkuu na madaftari yote mawili. Safari hii mwalimu mkuu alikaa.

"Huyu amelalamika?"

"Hapana."

"Basi usiende kuwasha moto. Muhula ujao mpunguzie ishirini na mbili. Anapata haki yake, hakuna aliyeumia. Bodi inakaa Alhamisi, mama. Ukiwaambia kwamba uliweka mstari wa kuziba, watauliza umeziba mingapi kwa miaka kumi na tisa. Umebakiza miaka mitatu ustaafu."

"Mtoto alikaa nyumbani siku nne. Jina lake lilisomwa mstarini."

"Majina arobaini yalisomwa."

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomkosesha Mama Salio usingizi. Hesabu ingekaa sawa. Lakini asubuhi ya Jumatano aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda saluni.

Ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili. Msusi alikuwa amemkalisha mteja mlangoni, juani, nywele zimejaa roli. Alipomwona mgeni mikono ilisimama.

"Shikamoo, mama. Kuna deni tena?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna. Nimekuja na jambo jingine."

Alimweleza akiwa amesimama, kuanzia mabano hadi ile hamsini na nane, bila kujitetea. Hakumtaja hata mama yake mgonjwa. Msusi alisikiliza huku akifungua roli moja na kuifunga tena.

"Kwa hiyo sikuwa nadaiwa."

"Hukuwa unadaiwa. Wewe ndiye uliyekuwa unatudai."

"Muhula ule uliniambia nina ziada ya kumi na moja. Niliposikia deni nikajiuliza. Nikasema, ah, labda sikuelewa. Mama Salio hakosei. Niliuza draya. Lile la kofia, la kukalia. Ndiyo maana unaona dada huyu anakauka kwa jua kama dagaa."

Mteja alicheka, halafu akaona hakuna mwingine aliyecheka.

"Hela yako itarudi, taslimu," Mama Salio alisema. "Siyo kupunguziwa muhula ujao. Nitaisimamia."

"Na mwanangu? Tangu siku ile anaitwa Mkopo. Walimwita mbele ya shule nzima. Nani atamwita tena mbele ya shule nzima?"

Mama Salio alisema hajui. Ulikuwa ukweli.

Alhamisi aliiweka leja mbele ya bodi, imefunguliwa kwenye muhtasari, na akakionyesha kile kimstari kabla hawajakiulizia. Mweka hazina wa bodi, mstaafu wa benki, aliuliza swali lilelile alilotabiri mwalimu mkuu.

"Mingine mingapi?"

"Hakuna mwingine. Lakini sina haki ya kukuambia uniamini. Kagueni."

Walimtoa nje. Alikaa kwenye benchi la korido saa nzima na nusu, anasikia sauti bila maneno. Walipomwita walimpa barua ya onyo, na wakasema leja za miaka mitano zitakaguliwa na mtu wa nje. Ikionekana mistari mingine ya kuziba, ataondoka bila mafao. Hati ya malipo ya elfu ishirini na mbili ilisainiwa palepale. Alipoomba watoto wasafishwe majina mstarini, mwalimu mkuu alisema shule haiwezi kusimama mbele ya watoto kujianika.

"Shule isisimame," Mama Salio alisema. "Nitasimama mimi."

Hakuna aliyempa ruhusa, wala hakuna aliyemkataza. Ijumaa asubuhi alitoka ofisini na kanga begani, akasimama mbele ya mistari. Aliwataja watoto wawili kwa majina. Akasema wazazi wao hawakuwa wanadaiwa, kwamba aliyekosea ni yeye, na kwamba anawaomba radhi. Watoto wadogo hawakuelewa wakapiga makofi. Mtoto wa msusi alitazama viatu vyake muda wote.

Mkaguzi alikaa wiki mbili na hakukuta kimstari kingine. Msusi alipokea pesa zake, akazihesabu mara mbili mbele ya Mama Salio, akasaini. Aliyenunua draya alikataa kuliuza kwa bei ileile. Mama Salio alijitolea kuongezea kutoka mfukoni mwake, msusi akakataa kwa adabu. Alisema ataendelea kutumia jua kwanza.

Kuanzia wiki iliyofuata wazazi walianza kupanga foleni dirishani, kila mmoja na risiti zake, wakitaka waonyeshwe kurasa zao. Wengine walikuja kwa ukali, wengine kwa umbea. Mama Salio alimfungulia kila mmoja muhula wa kwanza na wa pili, bega kwa bega, akamsomea mstari kwa mstari mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu, dereva mmoja wa lori aliyekuja akifoka aligundua kwamba hesabu ni kweli haiko sawa. Awamu yake moja ilikuwa imeandikwa elfu tatu zaidi ya risiti.

"Hii mnanidai," alisema, sauti imeshuka.

"Tunakudai," Mama Salio alisema, akachukua kalamu, akarekebisha mbele ya macho yake, akaweka saini na tarehe pembeni.

Dereva alisimama kidogo akikuna kidevu. Kisha akatoa noti.