Swali Lililoulizwa Mbele ya Mkwe

Sajini Faustino Oola wa polisi alileta tiketi ya basi siku ya Jumanne, akaiweka juu ya redio, kisha akakaa kitandani kuvua viatu vyake vya kazi kama mtu ambaye hajafanya lolote.

"Nini hii?" mkewe akauliza.

"Yako. Jumamosi unaenda Gulu. Shamba ya mama inakaa bure, unaenda kulima."

Concy alikuwa na sufuria ya mboga mkononi na kidogo aiachie. Kulima! Mwanamke aliyezaa na kulea watoto wanne katika nyumba ya mabati ya kambi ya polisi Nsambya, akamfuata mume huyu kila alikohamishwa, leo arudishwe shambani kama mzigo uliokosewa anwani. Na si mume yeyote tu. Huyu ndiye Concy aliyemuuguza saratani ya mwisho wa utumbo mkubwa mwaka mzima na zaidi. Alimpeleka kwenye mionzi, akamkeshea baada ya upasuaji, na ule mfuko wa haja uliobandikwa tumboni alikuwa akiumwaga yeye, kwa mikono yake, bila kukunja uso. Sasa mfuko umeondolewa, utumbo umeunganishwa, picha za hospitali zimetoka safi. Padre ametangaza shukrani kanisani. Na mzee, badala ya kurudi kitandani kwake, analala upande wa pili wa pazia, kwenye godoro la watoto walioolewa.

Ugomvi wa kambini hufanywa kwa kunong'ona, maana bati moja tu ndilo linalowatenga na jirani, na jirani ana masikio. Na kunong'ona ukiwa na hasira kunachosha kuliko kupiga kelele.

"Una mwanamke," Concy akanong'ona.

Faustino akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha hata chembe.

"Mwanamke nimpeleke wapi? Nimpe nini? Hakuna kitu, Concy. Tangu wanipasue hakuna kitu. Asubuhi hakuna, usiku hakuna. Ile saratani walitoa na hiyo wakatoa pamoja. Daktari alinimaliza." Akageuza uso ukutani. "Nenda Gulu. Watu wasione mimi nimekuwa nini."

Concy alikaa chini. Kwanza alimhurumia, na huruma ile haikudumu, kwa sababu nyuma yake ilikuja hasira mbichi. Kumbe miezi yote hii alikuwa akijitazama kwenye kioo na kujiuliza amezeeka wapi! Kumbe alibadilisha sabuni, akanunua gauni la kulalia sokoni Owino, akaona wivu bure juu ya karani wa stesheni yake, na huyu bwana ana jibu lote kifuani amelifungia!

Lakini aliyemkasirisha zaidi alikuwa daktari. Mtu anakataje uanaume wa mtu bila kuuliza?

Kesho yake alikwenda hospitali peke yake. Daktari Kaltumi, mpasuaji, alikuwa Mnubi wa Bombo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Concy hakumsalimu vizuri.

"Mlimkata mume wangu sehemu ya kiume na hamkumuuliza."

"Kaa, mama."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nisikilize. Mgonjwa wangu ni yeye, na kwa haki mambo yake nisingekwambia. Ila yeye mwenyewe ameshakwambia, kwa hiyo nitakujibu hilo moja. Niliuliza."

Concy akakaa.

Daktari alichukua karatasi, akachora nyonga kwa kalamu, na utumbo ukishuka katikati. Akasema kwamba pale chini ni pembamba, kila kitu kimebanana. Pembeni mwa utumbo, kulia na kushoto, zinapita neva nyembamba sana, kama nyuzi za kushonea. Hizo ndizo zinazoiambia damu ijae uume usimame, na ndizo zinazosaidia kibofu vilevile. Mpasuaji akifanya haraka, anazibeba pamoja na utumbo na wala hajui. Yeye alikwenda polepole, akifuata utando unaofunika utumbo na mafuta yake, bila kutoka nje ya utando huo. "Za kulia niliziona kwa macho yangu, nikaziacha. Za kushoto, uvimbe ulikuwa umezifikia. Ningeziacha, ningeiacha na saratani. Hizo nilitoa."

"Kwa hiyo za kulia zipo."

"Zipo. Lakini zilivutwa, zikachubuka, na mionzi nayo ilizidhoofisha. Neva iliyoumia hulala. Kwa mwingine ni miezi, kwa mwingine mwaka, hata miwili. Kuna ambao haziamki kama zamani, sitakudanganya. Na zikiwa zimelala, damu haiendi kule sawasawa, kiungo kinakaa bure mpaka kinasinyaa na kupata makovu ndani. Ndiyo maana hatupendi kusubiri. Mtu tunampa vidonge mapema, au pampu ya kuvutia damu, au sindano ndogo ya pale pale, kiungo kisisahau kazi yake."

"Mume wangu mlimpa nini?"

Daktari Kaltumi aliweka kalamu chini.

"Hakupewa. Kabla ya upasuaji nilimuuliza, 'Mzee, mambo ya chumbani yakoje?' Akanijibu, 'Hayo nilishamaliza zamani.' Neva zake nililinda vilevile, hizo nalinda kwa kila mtu. Lakini dawa za baadaye ningempaje, kama mwenyewe amesema hana haja?"

Alishamaliza! Concy aliitazama ile karatasi asiione. Wiki ile ile ya kuingia wodini Faustino alikuwa hajamaliza chochote, na yeye ndiye shahidi. "Aliulizwa wapi? Mbele ya nani?"

"Wodini, kitandani. Alikuwepo yule kijana aliyekuwa akimuuguza, mrefu..."

"Mumbere," akasema Concy. "Mume wa binti yetu."

Daktari alifumba macho kidogo. Hakuhitaji kuelezwa. Mkwe! Mtu ambaye Faustino hata kula naye sahani moja hawezi, ambaye akimsikia amekohoa nje huvaa shati kwanza. Ulitaka aseme nini mbele ya huyo? Siku ile Concy alikuwa amekwenda kuoga na kubadilisha nguo, basi, saa moja tu, na katika saa hiyo hiyo mwaka mzima wa dawa ukapotea. Alimkasirikia Faustino kwa heshima zake. Akamkasirikia daktari aliyeuliza jambo la chumbani katikati ya vitanda vya watu. Mumbere maskini hakuwa na kosa, akamkasirikia naye.

"Nilipaswa kumtoa kijana nje kwanza," Daktari Kaltumi akasema. "Hilo ni kosa langu. Ijumaa mume wako ana siku yake ya kuangaliwa. Njoo naye. Lakini aseme mwenyewe, mama. Siwezi kumtibu mtu kwa mdomo wa mwingine."

Jioni Concy alimweleza Faustino yote, kwa kunong'ona tena. Alisikiliza huku anapiga rangi viatu. Mwisho akasema, "Nimesikia," akaendelea na viatu.

Ijumaa Mumbere aliwapeleka kwa spesho yake, ile teksi ya kukodiwa, Concy nyuma na macho yake dirishani, kama ipasavyo mama mkwe. Mlangoni mwa chumba cha daktari, Mumbere akataka kuingia na baba mkwe wake kama kawaida, mtoto mwenye adabu.

"Leo utusubiri nje," daktari akamwambia, na akafunga mlango mwenyewe.

Alimpima Faustino tumbo, akaangalia kovu, akauliza habari za choo na mkojo. Vyote vizuri. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee Oola, nataka kukuuliza tena lile swali. Hapa tuko watatu tu. Mambo ya chumbani?"

Mlango umefungwa, mkwe hayupo, njia imefagiliwa mpaka miguuni pake. Faustino alinyoosha mgongo kama yuko gwarideni.

"Hayo mimi nilishamaliza, daktari."

Loo! Mwanamume huyu! Hasira ilimpanda Concy mpaka kichwani. Alitaka kumpiga kwa mkoba. Alitaka kutoka, apande hilo basi, afike Gulu alime mpaka jembe liishe, amwachie nyumba yake ya mabati na heshima zake azilalie. Aliposema hakunong'ona, maana hapakuwa na bati hapa, na kama korido nzima ilisikia, basi ilisikia.

"Yeye amemaliza. Mimi sijamaliza!"

Nje, mtu alikohoa. Faustino aliinamisha kichwa.

"Nyinyi mnafikiri ni mchezo," akasema, na sauti yake haikuwa ya sajini tena. "Nilikuwa mzima, daktari. Mzima kabisa, mpaka ile wiki ya kulazwa. Nilidanganya. Kijana alisimama pale na chupa ya maji, mimi ningesema nini? Na baadaye nikafikiri, Mungu amesikia ile uongo, amechukua kweli."

"Mungu hakuchukua. Za kulia zipo," akasema Daktari Kaltumi. "Una dawa yoyote ya moyo? Maumivu ya kifua?"

"Hapana."

"Vizuri, maana hivi vidonge havichanganywi na dawa fulani za moyo. Na ujue, kidonge peke yake hakifanyi kitu. Kinasaidia damu wakati mwili umeamshwa, kwa hamu na kwa kushikwa. Kikishindwa tutajaribu pampu. Tumechelewa, siahidi kitu, lakini hatujachelewa kabisa. Sasa niambie. Hisia ya ngozi inapita kwenye neva nyingine, na hizo sikuzifikia. Ukiguswa pale, unasikia?"

Faustino alishusha shati juu ya kovu.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Nani amenigusa? Tangu wanipasue, hakuna mtu amenigusa."

Concy alimgeukia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na haja ya kuyafuta, kwa kuwa yalikuwa ya hasira. "Nani alikimbilia nyuma ya pazia? Mimi? Mimi nilimwaga mfuko wako mikono mitupu, Faustino! Niogope kukugusa wewe?"

"Nilifikiri unaona kinyaa."

"Ungeuliza!"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Daktari aliinama kuandika dawa, akaandika polepole sana dawa isiyo na maneno mengi. Concy aliukamata mkono wa mumewe juu ya goti lake, akaubana kwa nguvu kama anayemkamata mwizi. Katika ndoa yao yote hawakuwahi kushikana mbele ya mtu.

"Hapo unasikia?" akamuuliza.

"Unaniumiza," akasema Faustino, na hakuutoa.