Kadi Mbili za Chanjo

Mume wangu Kabamba alikuwa mtu wa kuudhi. Miaka arobaini hakuniacha niende popote peke yangu, si sokoni, si kanisani. Chanjo zetu za korona tulichomwa siku moja, kwenye kituo cha afya cha hapa Panda, kisha tukakaa benchi moja nje zile dakika kumi na tano za kuangaliwa, yeye akinisugua mkono.

Januari korona ilinishika. Kabamba alilala chumba kingine, akapimwa mara mbili, hakuwa nayo. Nilipopona wiki ya tatu, tukaenda kuongezewa chanjo. Muuguzi Laure akatazama kadi zetu.

"Mama, weye umetoka kugonjwa. Mwili iko na kinga mingi sasa. Ni kama ndoo yenye kujaa: ukiongeza mayi, itamwangika. Ngoja myezi tatu, kinga ianze kushuka, ndipo sindano itakusaidia muzuri."

Akamgeukia mume wangu. "Papa, weye haukugonjwa. Ile ya zamani imeshapunguka, na uko na sukari. Weye usingoje. Tukuchome leo."

Kabamba akashusha mkono wa shati aliokuwa ameanza kuupandisha.

"Hapana. Nitamungojea bibi yangu. Tutachomwa siku moja."

Laure alimsihi. Mimi nilicheka. Nilisema, "Mwache, huyu mzee ananionea wivu hata kwa sindano." Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo inayoniua. Neno langu moja lingetosha, maana angeninung'unikia lakini angekaa kitini. Sikulisema. Laure akaandika Aprili kwenye kadi zote mbili, kwa shingo upande.

Mwisho wa Februari tulienda matanga kule Kakontwe, kwa dereva mwenzake wa machimbo. Tulikaa chumba kimoja na waliokuwa wakikohoa. Mimi sikupata hata mafua. Yeye alianza homa siku ya nne, na siku ya kumi na moja tukamzika.

Watu wananiambia hata angechomwa angeweza kufa. Labda. Sitajua kamwe, na nawachukia kwa kunifariji.

Aprili nilienda siku iliyoandikwa. Laure alinipokea akitabasamu.

"Mama Marceline, umengoja muzuri. Papa iko wapi?"

Niliweka kadi zote mbili mezani.

"Alingoja pia," nikasema.

Alielewa. Alinichoma, akaandika tarehe kwenye kadi yangu, akanirudishia ile nyingine kwa mikono miwili.

Nikaenda kukaa nje zile dakika zangu, pembeni mwa benchi. Mkono uliuma. Mwanamke mmoja akaja na pamba yake begani, akaonyesha nafasi kando yangu.

"Mama, hapa kuko muntu?"

Nikaweka kadi ya Kabamba pale.

"Kuko," nikamwambia.