Risiti Iliyopigwa Pasi

Cherotich aliingia dukani na sare yake ya kazi, kitambaa cha kichwa kimemkaa upande. Nje, kwenye kichochoro cha mtaa wa Najma, huku ughaibuni, Harun, dereva wa nyumba anayofanyia kazi, hakuzima gari.

"Mzee Reuben, unanikumbuka? Uliniuzia simu mwezi wa pili."

"Nitakusahauje, mama? Ulinililia kava ya bure mpaka nikasalimu amri."

Hakucheka. Alitoa karatasi mfukoni akaiweka mezani. Ilikuwa nyeusi tititi, huoni herufi hata moja.

"Hii ndiyo risiti yako," akasema.

Jana Madam, mwajiri wake, alikuta simu hiyo chini ya mto wa Cherotich, akashikilia kwamba ni ile iliyompotea mwanawe, kwani zilikuwa za aina moja. Boksi lilikwisha tupwa zamani. Asipoonyesha risiti leo, anarudishwa Kenya kwa jina la mwizi.

"Nilikuwa nayo, mzee. Lakini ilikuwa imekunjamana. Nikasema nisimpelekee Madam takataka. Nikaipiga pasi."

Reuben alifumba macho. "Karatasi hii haina wino, binti yangu. Printa huipasha joto, ndipo maandishi yatokee. Wewe umeipasha yote."

"Kwa hiyo nimejimaliza?"

"Nani kasema? Keti hapo."

Aliitoa simu ya duka, akafungua app ya mauzo. Miaka mitatu aliyouza dukani humo hakuwahi kumwacha mteja aende bila risiti, na jambo hilo alilitaja kwa yeyote aliyekaa karibu naye. Alirudi nyuma hadi mwezi wa pili, akayapata mauzo yenyewe: tarehe, saa, aina ya simu, bei. Cherotich aliinama juu ya meza akatazama, akashusha pumzi.

"Ndiyo hiyo! Chapisha, mzee."

Akabonyeza pa kuchapisha. App ikajibu kwamba printa haijaunganishwa. Kile kiprinta cha kiganjani kilikuwa kimejizima, kama ilivyo kawaida yake kisipotumika. Reuben akakiwasha, akangoja bluetooth ikitafute.

Harun akapiga honi.

"Madam anasema nikichelewa, nisirudi tena kwake," Cherotich akasema. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Naweza kumtumia Madam kwa WhatsApp, kama faili la PDF. Namba yake unayo?"

Alikuwa ameiandika kwa kalamu kwenye kiganja. Reuben aliiingiza, lakini kabla ya kutuma jicho lake likaganda penye jina la mnunuzi. Siku ile duka lilijaa watu, naye aliacha neno ambalo app huliweka yenyewe: Mteja wa Taslimu. Risiti isiyo na jina? Madam si atauliza ni ya nani? Akaona aibu, kama mtu aliyetoka nje bila viatu. Akafungua mauzo, akaandika jina kamili la Cherotich, akahifadhi. Kisha akabonyeza pa kushiriki, akachagua PDF, na faili likaenda bila yeye kulifungua.

"Tayari. Sasa ina jina lako."

"Mungu akubariki, baba."

Hapo ndipo printa ilipoungana na simu. Reuben akabonyeza, ikaguna, ikatoa ulimi wake mweupe wa karatasi. Akairarua, akaisoma kwa fahari kutoka juu: jina la duka, tarehe ya mwezi wa pili, simu, bei, jina. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari ambao hajawahi kuuona, kwa kuwa hajawahi kurekebisha risiti ya zamani: Imerekebishwa leo, na saa yenyewe.

Akafungua tena mauzo, akafuta jina, akarudisha lile la kwanza, akahifadhi. Akatengeneza PDF nyingine, safari hii akaitazama kwanza. Mstari ulikuwa palepale, saa tu imesogea mbele. Risiti ya mwezi wa pili, ile isiyoguswa, haikuwapo tena popote.

Kwenye WhatsApp, alama mbili zilikuwa zimegeuka za buluu. Madam aliandika: kwa hiyo mmeitengeneza leo? Reuben akaanza kumweleza habari ya jina. Akafuta, akaanza upya, akatuma. Alama ikabaki moja ya kijivu, na picha ya Madam ikatoweka: alikuwa amemfungia.

"Amesema nini?" Cherotich akauliza.

Reuben alimpa simu asome mwenyewe. Alisoma polepole, midomo ikitikisika.

"Bila jina angekubali, mzee?"

"Sijui. Labda."

Cherotich aliichukua ile karatasi mpya, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani. Kisha akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akatoka kwenda garini.