Swali la Nne kwa Mzee wa Vitunguu

"Hizo nyanya zako zimenuna kama mwenye nazo," mzee wa vitunguu alisema kabla hata hajamaliza kutandaza gunia.

"Bora zangu zinanuna. Zako zinaliza watu," jirani yake alimjibu.

Soko zima liliwajua. Mzee aliitwa Babu Machozi kwa sababu ya bidhaa yake, na mama wa nyanya aliitwa Mama Mashavu kwa sababu ambayo haikuhitaji maelezo. Meza zao zilitazamana, katikati njia nyembamba ya kupita mtu na kapu lake. Walitupiana maneno kutwa nzima. Wapita njia walisimama kuwasikiliza, na sokoni mtu akishasimama, nusu ya mauzo imekwisha.

Pembeni alisimama binti mwenye karatasi mkononi. Wachuuzi walimwita Dada Kamera, ingawa kamera yenyewe ilibebwa na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye pia alishughulikia sauti. Walikuwa wanaandaa filamu ya kuwatazama wachuuzi tu: hakuna msimulizi, hakuna muziki wa kulazimisha machozi, kamera inakaa mahali mpaka watu waisahau. Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kumsaidia yeye, mwongozaji, kujua ni jambo gani la kulisubiri. Kabla ya kutoa fedha, wafadhili walitaka muhtasari wa hadithi na kipande kifupi cha picha kufikia Ijumaa. Bila hivyo, filamu ingefia tumboni.

Muhtasari ulikuwa tayari. Jina lake: Meza Mbili, Uadui Mmoja.

"Shemeji, hawa wanataniana," yule mpiga picha alimwambia.

"Utani una mzizi."

"Mzizi ukiuchimba, mti unakauka."

"Muhtasari usio na ugomvi hausomwi, shemeji. Wanauweka pembeni."

Shemeji akachukua karatasi, akasoma maswali. Nieleze asubuhi yako tangu unapofika. Nionyeshe unavyopanga meza. Siku mbaya sokoni inakuwaje? Akafika la nne: Ni jambo gani la jirani yako linalokuudhi? Akarudisha karatasi. "Hili limekuja na jibu lake tumboni," alisema.

Babu Machozi alipokwenda kupokea magunia kwenye lori, Dada Kamera aliketi na Mama Mashavu. Shemeji alimbana kipaza sauti kidogo kwenye kanga, akasogea nyuma. Mama alijibu maswali matatu huku akifuta nyanya moja moja kwa kitambaa, na mikono yake ilieleza vizuri kuliko mdomo. Swali la nne lilimchekesha.

"Aniudhi nini yule?"

Dada Kamera hakusema kitu. Ni ufundi wa kazi hiyo: ukinyamaza baada ya jibu fupi, mtu huona aibu na ukimya, akaujaza.

Mama Mashavu akaujaza. "Haniudhi. Ila macho yameanza kumwacha. Anapanga vitunguu vilivyooza juu ya vizima, haoni. Akienda kwenye lori navichambua, natupa vibovu. Mteja akipewa kibovu harudi, na huyu akikosa wateja akafunga meza, mimi nitamtania nani? Hilo usiliandike."

"Siandiki," Dada Kamera alisema, lakini hamu ilikuwa imeshampanda. Siri. Sokoni kulikuwa na siri.

Babu aliporudi, akavishwa kipaza sauti naye. Maswali matatu ya mwanzo yalirukwa.

"Babu, jirani yako anasema macho yako hayaoni vizuri, anakuchambulia vitunguu ukiondoka. Unajisikiaje?"

Mkono wa mzee ulisimama juu ya gunia.

"Amekuambia hivyo?"

"Ndiyo."

Mzee alikibandua kipaza sauti mwenyewe, akakilaza mezani taratibu kama yai. "Filamu yako ni nzuri, mwanangu. Lakini mimi simo."

Kesho yake, njia ile nyembamba ilikuwa kimya. Babu Machozi aliinua kila kitunguu mpaka karibu na pua, akakigeuza, akakiminya shingo, akakiweka. Mama Mashavu alimrushia neno la asubuhi kama kawaida. Halikurudi. Akarusha la pili. Wanunuzi walipita katikati yao kama watu wanaopita msibani, wakaenda kununua mbele.

Mama akamtazama Dada Kamera. "Nilikuambia usiliandike."

"Sikuliandika, mama."

"Ulilisema. Afadhali ungeliandika, yule hasomi bila miwani, na miwani hana."

Shemeji alisogea, kamera begani. "Sasa uadui wako huo hapo," alimnong'oneza. "Umenuna vizuri. Nipige?"

Dada Kamera aliangalia. Mzee amempa jirani mgongo. Mama anafuta nyanya iliyokwisha kufutwa. Kila mstari wa muhtasari wake ulikuwa umesimama mbele yake, hai, unasubiri kupigwa picha, na wafadhili wangeupenda. Aliona pia kwamba hakuna aliyeuleta sokoni isipokuwa yeye.

"Weka chini," alisema.

"Na Ijumaa?"

"Weka chini, shemeji."

Akavuka mpaka mbele ya meza ya vitunguu. Mzee hakuinua uso.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba."

"Yule mama hakuja kukusema kwangu. Mimi nilimsukuma kwa swali, nikanyamaza makusudi mpaka akajibu. Kisha nikakuletea nusu ya maneno yake. Nusu nyingine niliiacha kwa sababu haikufaa ugomvi niliokuwa nautafuta."

"Nusu ipi?"

"Aliniambia mteja akipewa kibovu harudi, na wewe ukifunga meza, yeye atamtania nani."

Mzee akakiweka kitunguu alichoshika. Dada Kamera alitaka kuomba radhi zaidi, kueleza, akajizuia. Safari hii ukimya haukuwa mtego wa mtu.

"Unajua kosa lako?" Babu alisema mwishowe. "Ulichukua swali langu. Hili lilikuwa la mimi kumuuliza yeye."

Akageuka. "Mashavu."

"Abee."

"Umeanza lini kunichambulia?"

"Tangu zile mvua za mwaka jana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa. Wewe ni mbishi kuliko kufuli lenye kutu."

Mtu mmoja meza ya tatu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Kwa hiyo mwaka mzima unanitupia mali yangu bila ruhusa."

"Nilitupa vibovu."

"Nani kasema ni vibovu? Wewe, muuza nyanya zilizochoka kabla ya safari?"

"Zimechoka kukutazama."

Mzee akavuta gunia, akalimwaga lote mezani, vitunguu vikagonga ubao na vingine vikakimbilia njiani. "Basi njoo uchambue mchana kweupe, mbele yangu. Na kila utakachotupa unioneshe kwanza. Sitaki wizi."

Mama Mashavu akavuka njia, kanga akiifunga vizuri kiunoni. Akamshikisha cha kwanza. Mzee akakiminya, akakinusa, akakubali kwa shingo upande. Cha pili akakikataa, wakabishana.

"Na wewe kijana," Babu alimgeukia shemeji, "hilo dude unalibeba kwa mazoezi? Washa."

"Mama naye anaruhusu?" Dada Kamera aliuliza.

"Anipige upande huu," Mama alisema. "Ule mwingine una shavu kubwa."

Shemeji akawasha. Dada Kamera akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo, akageuza karatasi ya muhtasari upande mweupe, akaanza upya, bila jina, kwa kile alichokiona: meza moja ya vitunguu, mikono minne.

Mnunuzi mwenye kapu alisimama, akatazama mmoja, akatazama mwingine. "Jamani, mnagombana?"

"Tuko kazini," Babu Machozi alisema. "Nikupimie?"