Hiyo Siipandi

Pikipiki kuukuu ya mume ilipokufa, mkewe, mpimaji wa maabara ya hospitali, alishukuru kimoyomoyo. Alikuwa amechoka kupakiwa na mtu asiyeamka mapema. Msimamizi wake alikwisha kumwonya kwamba akichelewa tena, zamu yake atapewa mwingine. Sasa walisimama dukani, wamenuniana, kati ya pikipiki ndogo na skuta.

“Tunachukua pikipiki,” mume alimwambia muuzaji.

“Nitakayeendesha ni mimi,” mke alisema.

“Kwa mkono upi? Huo uliowahi kuvunjika?”

“Ndiyo maana nataka skuta. Haina klachi.”

Muuzaji, mama mtu mzima mwenye funguo shingoni, alijibu bila upendeleo. “Kwenye mashimo shemeji hajakosea, magurudumu ya pikipiki ni makubwa, na mafuta inakula kidogo. Ila kwenye foleni, dada, klachi utaibana na kuiachia njia nzima.”

“Njia yangu ni lami tupu,” mke alisema. “Na foleni tupu.”

“Mkono utazoea,” mume alikata.

Mke aliijaribu pikipiki uani. Ilitetemeka, ikazima. Alipoiwasha tena, kifundo cha mkono wa kushoto kilimuuma hadi kwenye kiwiko, na vidole vikakataa kubana.

Mume alicheka. “Si umeona? Nitaendesha mimi, wewe kaa nyuma kama kawaida.”

Hapo mke alielewa kwamba mumewe alikuwa akichagua kwa makusudi chombo ambacho yeye asingeweza kukiendesha.

“Lete na hicho kiti cha saluni,” mume aliendelea, akinyooshea skuta kidole. “Nikuonyeshe kisivyofaa.”

“Kaka, mkono wa kushoto huku ni—”

“Mama, usinifundishe. Nimeendesha miaka.”

Alizunguka ua kwa kasi. Alipokaribia geti alifanya alivyozoea: alibana kwa mkono wa kushoto hadi mwisho, kana kwamba ni klachi, na mguu ukatafuta gea isiyokuwepo. Gurudumu la nyuma lilikwama, likaserereka mchangani, na bwana akalala ubavu.

“Ni breki ya nyuma,” muuzaji alimalizia sentensi yake.

“Limeniangusha, dude hili!”

“Umeliambia lisimame, likasimama,” mke alisema.

Muuzaji aliikagua skuta. Ilikuwa imechubuka ubavuni tu. Mke aliipanda, akashika breki, akawasha, akazungusha mafuta polepole. Yeye hakuwa na mazoea ya klachi ya kuachana nayo. Aliuzunguka ua, akapunguza mwendo, akabana breki zote mbili taratibu. Mkono haukulalamika.

“Niandikie hii hii.”

“Ina mchubuko, dada. Ndani ipo nzima.”

“Naitaka na mchubuko wake.”

“Hiyo siipandi!” mume alifoka, akijikung’uta mchanga.

“Kwani nani amekualika?”

Asubuhi iliyofuata mume alitoka mlangoni mbio, shati halijafungwa vifungo, kiatu kimoja mkononi. “Ngoja basi!”

Mke alikwisha kuvaa kofia ngumu. Aliutazama mchubuko, akamtazama yeye, kisha akazungusha mafuta na kuondoka.