Saa ya Kwenye Kadi

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, taa za geti la kiwanda zikaonekana kama zimefungwa ndani ya pamba. Mvua haikunyesha, lakini bati zilidondosha maji kana kwamba imenyesha.

Mimi zamu yangu huanza saa sita mchana, ila siku hiyo niliitwa mapema. Nilimkuta wifi yangu amekaa nje ya ofisi ya ubora, kofia ya kazini mapajani, buti bado zina povu. Yeye ni dada wa mume wangu, na ndiye aliyeniingiza kwenye kiwanda hiki cha maziwa miaka tisa iliyopita. Yeye huendesha mashine ya kuchemshia asubuhi, mimi naipokea mchana.

"Wewe msomi," akaniambia bila kuinua kichwa. "Ingia. Wanataka uwafungulie kadi, ili wajue nifukuzwe vizuri."

"Wifi, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Maziwa ya Alhamisi yameganda madukani. Mtu lazima awe ameyagandisha."

Hakuna aliyeugua, namshukuru Mungu. Maziwa yalirudishwa yote kabla hayajanywewa. Lakini mashine yetu haitakiwi kupitisha maziwa ambayo hayajafika nyuzi sabini na mbili. Yakiwa chini ya hapo, valvu hugeuka yenyewe na kuyarudisha nyuma yakachemshwe upya. Kama maziwa mabichi yalipita, basi kuna mtu aliiweka swichi ya valvu kwenye "mkono" na kuisahau. Kwenye "mkono" valvu haina akili, inakaa ulivyoiacha.

Mkuu wa ubora tunamwita Bwana Nyuzi, kwa sababu hatembei bila kipimajoto mfukoni. Alikuwa ameshasimamisha kurekodi kwenye kioo cha mashine, akasubiri faili lifungwe, ndipo akachomoa kadi ya kumbukumbu. Alinipa mkononi. Ni kitu kidogo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Nilikuwa nimeipita kila siku kwa miaka miwili, tangu mashine hii ifungwe, bila kujua kwamba kila sekunde kumi, mchana na usiku, mashine inaandika humo mstari mmoja: tarehe, saa, joto, valvu iko mbele au imerudi, pampu ya maziwa inazunguka au imesimama. Mistari elfu nane mia sita na arobaini kwa siku. Kila siku faili lake, na jina la faili ni tarehe.

"Wewe si unasoma kompyuta jioni?" Bwana Nyuzi aliniuliza. "Mimi nikilifungua faili la Alhamisi linakuja limebanana."

Kweli lilikuja limebanana, kila kitu kwenye safu moja, kimetenganishwa kwa nukta mkato. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha mambo mawili: kwanza nakili faili, usiguse la asili, pili, iambie programu kitu gani kinatenganisha. Nilinakili, nikaiambia. Safu tano zikajipanga kama watoto wa shule asubuhi. Nikachuja: pampu inazunguka, valvu iko mbele, joto chini ya sabini na mbili.

Ikabaki mistari arobaini na miwili. Dakika saba. Ilianza 08:10:00, ikaisha 08:16:50. Joto la chini kabisa, 66.4.

"Nane na kumi," alisema Bwana Nyuzi polepole. "Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Zamu ya wifi yako."

Nitasema ukweli, kwa kuwa naandika mbele za Mungu. Moyo wangu ulipumua. Alhamisi ile, baada ya kuosha mashine mchana, nami niliacha swichi kwenye "mkono". Nilikuwa nimeanza kupitisha maziwa, nikaitwa getini kupokea gari. Niliporudi kioo kilisoma sabini na tatu, nikaona swichi, nikairudisha kwenye "yenyewe", nikanyamaza. Niliona ni dakika chache tu. Tangu maziwa yaliporudishwa nilikuwa silali. Na sasa kadi ilisema asubuhi. Nikasema kimoyomoyo, asante Mungu, kumbe si mimi. Nje ya mlango wifi yangu alikuwa anakung'uta povu kwenye buti.

"Nitengenezee grafu," alisema Bwana Nyuzi. "Kesho saa nne tunakaa kikao, barua yake iwe tayari."

Wifi alipoambiwa hakulia. Alisema tu, "Swichi yangu ilikuwa kwenye yenyewe. Mwambieni kaka yangu nimesema hivyo." Akarudi kwenye mashine kumalizia zamu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Saa moja jioni nilikuwa darasani na faili kwenye flashi. Tuko kumi na wawili, wengi vijana. Mimi nina miaka arobaini na sita, na kipanya bado kinanitoroka mezani. Mwalimu ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, lakini namwita mwalimu na ananiita mama.

"Chagua safu ya saa na ya joto," alisema. "Sasa ingiza grafu ya mstari."

Nilibofya.

Sijui nieleze vipi. Mistari elfu nane na zaidi ilikuwa imekuwa mstari mmoja wa bluu, na mstari ule ulikuwa siku yetu. Niliuona mvuke ukipanda. Niliyaona maziwa yakifika sabini na tatu na kutulia pale, mstari ukitetemeka kidogo kama uzi wa gitaa, kwa sababu boila haikai mahali pamoja. Niliona mashine ikisimama, kisha kilima kikubwa cha kuosha, dawa moto ikipita, maji yakifuata. Kazi ambayo tumeifanya miaka tisa na kuisahau kila jioni ilikuwa imekaa pale, haijapotea hata sekunde kumi. Nilijikuta nimeweka kiganja kifuani. Nilisali bila maneno. Nilifikiri: kama kitu kidogo kama ukucha kinaweza kukumbuka hivi, Yeye je.

"Mama," mwalimu aliinama kwenye kioo changu, "kiwanda chenu mnafanya kazi usiku wa manane?"

"Hapana, mwalimu. Tunafungua saa kumi na mbili asubuhi, tunafunga saa kumi na mbili jioni."

"Mbona hapa mashine inawaka sifuri sifuri? Hiyo ni saa sita usiku. Na inazimwa saa sita mchana."

Niliangalia. Mstari ulianza kupanda ukingoni kabisa mwa grafu. Kuosha, ambako sisi huanza saa sita mchana zamu zinapobadilishana, kulikuwa kwenye 06:00. Kila kitu kilikuwa mahali pake, ila kimesogezwa saa sita nyuma. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Dakika zile saba hazikuwa saa mbili asubuhi. Zilikuwa saa nane na dakika kumi mchana. Baada ya kuosha. Gari likiwa getini.

"Umeona kosa?" mwalimu aliuliza.

"Nimeliona," nilisema. "Ni langu."

Hakuelewa, akadhani nasema grafu. "Hapana mama, grafu umeipata safi kabisa."

Nilienda nyumbani kwa miguu. Sikumwambia mume wangu chochote kabla sijapiga magoti, na nilipopiga magoti sikuomba nisifukuzwe. Niliogopa kuomba hilo. Kwetu shati la kazi la wifi yangu na langu huanikwa kamba moja, na mwenye macho ya kuona kila kitu alikuwa ameshaona hata hiyo kamba.

Jumatano saa nne tulikuwa watano ofisini: Bwana Nyuzi, meneja, wifi yangu, mimi, na fundi wa umeme tunayemwita Fundi Waya. Barua ilikuwa mezani imepinduliwa. Nilisema, "Kabla hamjaisoma, naomba twende kwenye mashine tuangalie saa."

"Saa gani?" meneja aliuliza.

"Ile ya kwenye kona ya kioo."

Tulikwenda, wote na kofia zetu. Pale ukutani saa ya mshale ilikuwa saa nne na dakika tano. Kwenye kona ya kioo, kwa maandishi madogo, 04:05.

Bwana Nyuzi aliinama. "Saa nne na dakika tano," alisoma. "Mbona iko sawa?"

Halafu aliinama tena, akavua miwani, akaivaa. "Hapana," alisema taratibu. "Kwa saa za Kizungu ingekuwa kumi. Kumi na dakika tano." Mkono wake ulikuwa umeshika kipimajoto mfukoni kama mtu anayeshika pochi sokoni.

Fundi Waya alikuna shingo. "Nilibadilisha betri ya ubongo wa mashine mwezi uliopita. Saa ilifutika. Kichwa changu kilikuwa ndani ya kabati la umeme, nikauliza, jamani saa ngapi? Nikajibiwa saa mbili na robo. Nikaandika mbili na robo."

"Nani alikujibu?"

"Mimi," alisema wifi yangu. "Na ilikuwa saa mbili na robo."

Meneja aligeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika, nikajua anacheka. Wiki nne kila mtu alikuwa amepita hapo akisoma saa ambayo inasema anachosema yeye mwenyewe, na nani angeshtuka? Hata faili la kila siku lilikuwa linaanza alfajiri, kama sisi tunavyohesabu siku. Mashine ilikuwa imejifunza Kiswahili na hatukujua. Nilitazama herufi zile ndogo za kijani, na ile heshima ya jana darasani ilinirudia, nikataka kuinamisha kichwa.

Lakini Bwana Nyuzi alikuwa anahesabu. Aliponitazama nilijua amefika saa nane.

"Ndiyo," nilisema kabla hajauliza. "Mimi. Swichi niliiacha kwenye mkono, nikaenda getini. Niliporudi niliigeuza, sikumwambia mtu. Na jana mliposema ni asubuhi, nilifurahi."

Wifi aliniangalia. "Ulifurahi," alisema.

"Nilifurahi, wifi."

"Na grafu umeichora wewe mwenyewe."

"Nimeichora mimi."

Alivuta pumzi. "Basi shule yako ya jioni ni ya ajabu. Ingekuwa mimi, ningeichora vibaya." Hakutabasamu, lakini alinisogelea, akasimama upande wangu, si upande wao.

Bwana Nyuzi alichukua barua, akaichana vipande viwili. Meneja aliniambia nitapata barua yangu ya onyo, na mwezi mmoja sitagusa mashine. Nitakaa mezani nikisoma faili za nyuma zote, nikitafuta makosa kama la Alhamisi ile, na kila mstari niuongeze saa sita tangu siku ya betri. Alimwambia Fundi Waya arekebishe saa hapo hapo, naye aandike kwenye daftari siku na wakati alipoirekebisha, ili atakayesoma kadi baadaye ajue mstari gani ni wa saa ipi.

Fundi Waya alishika kioo, akageuka. "Jamani, saa ngapi?" Kisha akajijibu mwenyewe, "Kumi na kumi na mbili," akaandika 10:12, na kadi ikarudishwa kwenye tundu lake. Taa ndogo ya kijani iliwaka. Ikaanza kuandika.

Niliweka mkono juu ya chuma cha mashine, kilikuwa cha moto, na wote wanne walikuwa wananitazama.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," nilisema, "swichi hii sitaigusa tena bila kuiandika kwenye daftari na kumwambia mwenzangu. Na kila Ijumaa nitaifungua kadi hii mbele yenu wote, nisome ilichoandika, hata siku itakayonisema mimi."