Chumba cha Akiba

Kwenye karakana ya mapazia walimwita Akiba, na jina lilimkaa. Begi lake lilikuwa na mikasi miwili, futi kamba mbili, mwavuli hata siku za jua kali, na sindano za kutosha kushonea mapazia ya mtaa mzima. Ukimwambia, "Kesho nitakuletea zile ringi," alikuitikia kwa tabasamu zuri, kisha jioni ile ile akaenda kuzinunua mwenyewe. Hakuwa mchoyo wala mkorofi. Aliimba akikata vitambaa, alitania wateja, na mwenzake akiugua yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi. Ila hakumtegemea mtu kwa kitu ambacho kingemuumiza kikikosekana.

Wenzake waliona ni tabia tu. Kaka yake ndiye aliyejua ilikotoka, maana walilelewa nyumba moja.

Baba yao alikuwa seremala hodari, na mlevi. Watoto walijifunza kumsoma kwa komeo la geti. Likifunguliwa taratibu, kulikuwa na amani. Likigongwa mara mbili, redio ilizimwa, madaftari yakaingia uvunguni, na kila mtu akajifanya hayupo. Na bado hawakupatia kila mara. Kuna siku alirudi amelewa chakari akawachezesha dansi mpaka mbavu zikawauma kwa kucheka. Kuna siku alirudi mkavu kabisa, hajagusa pombe, na meza ikapinduliwa kwa sababu ya chumvi. Kilichowachosha kuliko pombe yenyewe ni kutojua leo ni baba yupi anayeingia.

Siku nzuri ndizo zilizomuumiza Akiba zaidi, kwa sababu siku hizo baba aliahidi. "Jumamosi nakupeleka ukaone treni, mwanangu." Jumamosi mtoto alivaa gauni alfajiri, akakaa kwenye ngazi mpaka kivuli cha ukuta kikavuka uwanja wote. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu alijibu, "Asante, baba," akaenda zake kucheza na nguo za kawaida. Alikuwa na miaka tisa. Tangu hapo akawa na mipango miwili kwa kila jambo: ule aliowaambia watu, na wake mwenyewe.

Fundi bomba alimkuta hivyo. Sinki la karakana liliziba, akaja kulitazama, akasema kuna kiungo kimeoza na atarudi nacho Alhamisi saa kumi. Alhamisi saa kumi kasoro robo akaingia, akamkuta fundi mwingine amelala chali chini ya sinki lile lile.

"Ulidhani sitakuja?" fundi bomba alimuuliza Akiba.

"Sikudhani chochote. Nilijipanga tu."

Fundi bomba alimtazama kidogo, akacheka, akavua koti, akalala chali upande wa pili. Mafundi wawili wakalizibua sinki moja huku wakipokezana spana na umbea. Wiki iliyofuata alirudi bila spana yoyote, akasema amekuja kuuliza kama sinki lina afya. Mapenzi yakaanza.

Hayakuwa mapenzi rahisi kwa upande wa Akiba, ingawa fundi bomba alichelewa kugundua. Kila wakikumbatiana Akiba alivuta pumzi ndefu shingoni kwake, na kijana wa watu akadhani ni sabuni yake inayopendwa. Kumbe alikuwa anakaguliwa pombe. Akikaa kimya dakika tano, Akiba alimuuliza, "Nimekukosea?" Akijibu hapana, aliulizwa tena. Siku moja alinyamaza mchana kutwa kwa maumivu ya jino, na Akiba hakuamini mpaka alipoonyeshwa jino lenyewe limefungwa kwenye karatasi. Hata siku za raha, wakicheka, kuna sehemu ya Akiba ilibaki imesimama mlangoni ikisikiliza.

Miaka miwili ikapita. Fundi bomba akamuomba wafunge ndoa, Akiba akakubali papo hapo, akafurahi mpaka akakosea vipimo vya mapazia ya mteja. Wiki hiyo hiyo akapanga chumba mtaa wa tatu kutoka nyumba ambayo wangehamia. Akaweka godoro, sufuria, birika, sanduku la nguo na vyeti vyake. Hakupanga kumwacha. Alitaka tu, siku mambo yakigeuka, asisimame barabarani ameshika mfuko wa plastiki kama alivyomwona mama yao akisimama, tena si mara moja.

Zilipobaki wiki tatu kabla ya harusi, bomba likapasuka katika nyumba fulani. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, akampigia simu fundi bomba.

"Maji yanatoka chumba cha mpangaji asiyeonekana. Njoo haraka, mwanangu, tutaogelea."

Mama huyo akafungua kwa ufunguo wa ziada. Fundi bomba akafunga koki kuu, akabadilisha kipande cha bomba, akaanza kufagia maji. Hapo ndipo alipoinua macho akayaona mapazia. Yalikuwa ya buluu, pindo limekunjwa mara mbili, na pembeni kuna mshono mdogo wa msalaba aliouona kwa fundi mmoja tu duniani. Kwenye rafu, kando ya birika, kulikuwa na picha. Ilikuwa picha yake mwenyewe, amekumbatiana na mchumba wake siku waliyokwenda kupima pete.

Aliegemeza fagio ukutani. Kisha akaliinua godoro likauke, akamaliza kufagia, akaondoka.

Saa nane alimwita Akiba nje ya karakana.

"Nimetoka kutengeneza bomba kwenye chumba chako," alisema.

Uongo wa aina tatu ulimjia Akiba kwa mpigo, wote mzuri, na hakuna uliotoka mdomoni.

"Nimekasirika," fundi bomba akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nimekasirika sana, na sitaki kuongea hivi. Naenda kutembea. Saa kumi na moja nitakuja kwako tuzungumze."

Akaenda. Akiba akaomba ruhusa, akarudi nyumbani. Alivua pete akaiweka mezani. Aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, kwa sababu utotoni nyumba ikiwa safi kulikuwa na sababu moja pungufu ya kupigiwa kelele. Alijua mambo ni mawili: hatakuja, au atakuja mtu mwingine ndani ya ngozi ya mtu anayempenda. Aliyajua yote mawili tangu zamani, alijua na namna ya kuyastahimili.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano mlango uligongwa, kawaida tu.

"Bado nimekasirika," alisema fundi bomba akivua viatu. "Kuna chai?"

Akiba akaweka chai mezani na kurudi nyuma hatua moja. Alingoja kikombe kiruke. Kikombe kilikwenda mdomoni, kikarudi kwenye sahani yake. Hasira ya mwanaume yule ilikuwa imekaa kitini inakunywa chai. Akiba, pamoja na ujuzi wake wote wa kusoma watu, hakuwahi kuona kitu kama hicho.

"Sijaumizwa na chumba," fundi bomba akasema. "Nimeumia kwa sababu nimekijua kupitia mama mwenye nyumba. Na tena, mtu gani anamkimbia mtu na picha yake?"

Akiba akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akasema. Alisema ya komeo, ya dansi na meza, ya gauni la kwenda kuona treni, ya mama na mfuko wa plastiki. Alikiri hata kumnusa shingoni.

"Kumbe si sabuni?" Fundi bomba alionekana kuumia kweli.

"Sabuni ni nzuri pia."

Akiba akasema, "Nitakirudisha chumba. Kesho."

"Usikirudishe kwa ajili yangu. Ukikirudisha kwa kuniogopa, utatafuta kingine na utakificha vizuri zaidi. Kaa nacho, ila nijue kipo." Akazungusha kikombe. "Siwezi kukuahidi makubwa, ahadi umeshazisikia za kutosha. Ila nikichelewa nitasema. Nikikasirika nitasema. Nikisema narudi, narudi. Wewe nitazame tu, uamue kwa wakati wako."

"Na mimi nikiogopa," Akiba akasema polepole, "nitakwambia kabla sijamtafuta dalali."

Akaichukua pete mezani. Hakuivaa mpaka baada ya chakula, lakini aliivaa.

Haikuishia hapo, jambo la miaka thelathini haliishi kwa birika moja la chai. Fundi bomba alisema viti vya sherehe aachiwe yeye, na Akiba akakubali kwa mdomo tu. Jumatano akakiri: amekodi viti vingine. Na keki ya pili. Na mpiga picha wa pili. Na mshereheshaji wa pili.

"Bwana harusi wa pili umempata?" fundi bomba akauliza.

"Wote walikuwa na kazi siku hiyo."

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake Akiba akafuta viti na mpiga picha. Kupiga simu ile ya viti kulimtoa jasho, na alikaa siku mbili nzima akijizuia kupiga tena. Keki na mshereheshaji vilimshinda.

Siku ya harusi viti vilifika saa moja asubuhi, vimefutwa vumbi. Akiba alivitazama kwa muda mrefu kuliko viti vinavyostahili kutazamwa. Washereheshaji wawili walikutana mlangoni, wakapimana kwa macho, halafu wakaamua kugawana ukumbi, mmoja upande wa bwana, mwingine upande wa bibi. Wakachokozana mchana kutwa, mpaka shangazi mmoja aliyejulikana kwa kununa akaanguka kitini kwa kicheko. Watoto walikula keki mbili na hakuna aliyelalamika.

Kabla ya hayo yote, kaka yake alimvuta kando. Baba alikuwa hajanywa kwa miezi minne, na alialikwa kwa makubaliano: kaka amlete, na dalili yoyote ikionekana, amrudishe.

"Baba haji," kaka alisema. "Nilimkuta amevaa, amekaa kitandani. Kaniambia, mwambie mwanangu leo sijiamini, sitaki kumharibia. Asinisubiri."

Ilimuuma Akiba, hakujidanganya. Lakini katika maisha yake yote baba hakuwahi kumwambia mapema kwamba haji.

"Amesema nisimsubiri?"

"Hivyo hivyo."

"Basi mkatie keki umpelekee. Zipo mbili."

Kaka akamkumbatia, wakaingia ndani.

Alasiri muziki ulipokolea na washereheshaji wakigombania kipaza sauti, fundi bomba alitoka kusaidia kusogeza meza. Aliporudi alimkuta mke wake amelala fofofo kwenye kochi la pembeni, viatu chini, mdomo wazi, ukumbi wote unapiga kelele masikioni mwake, na hakuna sehemu yake iliyobaki mlangoni ikisikiliza.

"Nimuamshe?" kaka aliuliza. "Wageni wanataka kumuaga."

"Mwache," alisema fundi bomba, akamfunika koti, akakaa sakafuni kando yake na kuanza kuwaaga wageni kwa niaba ya wote wawili.